Kabla ya kumkopesha mteja, jua hesabu ni za nani

Ukiwa Changamwe unauza vipuri vya malori kwa mkopo, ukaletewa ripoti ya mwaka, tazama kichwa cha safu kabla ya tarakimu. Safu ya kundi hujumlisha kampuni mama na tanzu zake zote, yaani kampuni inazozidhibiti, kisha hufuta wanachodaiana wao kwa wao. Tuseme kundi lina taslimu milioni 400, mama peke yake milioni 6. Iliyotoa oda yako ni tanzu: imo ndani ya zile 400, lakini huwezi kuona yake ni ngapi. Na mdeni wako ni huyo tu! Mama halazimiki kumlipia bila dhamana ya maandishi. Soma jina kamili kwenye oda, halafu omba hesabu za tanzu yenyewe zilizokaguliwa.