Kabla hujaijibu forodha kwa tafsiri ya simu: mambo ya kuzingatia

Kifurushi kimefika, kimebandikwa fomu ya lugha usiyoisoma, na forodha wanataka maelezo ya kilichomo. Watu wengi huelekeza kamera, husoma tafsiri inayotokea kwenye kioo, kisha huandika hivyohivyo kwenye majibu yao. Usifanye haraka hivyo. Maelezo unayoandika yanahesabika kuwa kauli yako, na yatalinganishwa na fomu ya mtumaji na mzigo wenyewe.

Anza na picha. Futa lenzi. Zima flashi, kwa sababu fomu nyingi hukaa ndani ya kava la plastiki linalorudisha mwanga na kufuta maneno ya katikati. Nyoosha plastiki kwa vidole, simama juu ya fomu sawasawa, piga picha moja ya fomu nzima, halafu piga kila sehemu kwa karibu. Fanya hivyo mapema: lebo nyingi huchapwa kwa joto bila wino, na zikikaa juani maandishi hufifia.

Hifadhi picha halisi. Tafsiri ya moja kwa moja hufunika maneno ya asili kwa herufi safi zilizonyooka, na herufi hizo hufanya hata neno lililobahatishwa lionekane la uhakika. Ukibaki na picha ya tafsiri tu, hakuna mtu atakayeweza kukukosoa wala kukusaidia.

Jua pia fomu uliyonayo. Vifurushi vya posta hutumia CN22 au CN23, fomu za Umoja wa Posta Duniani, na CN23 ndiyo ndefu zaidi. Vichwa vya visanduku ni vilevile nchi hadi nchi, kwa hiyo tafuta CN23 tupu ya lugha unayoijua, uiweke pembeni, ulinganishe sanduku kwa sanduku. Njia hiyo ni bora kuliko kutafsiri vichwa, kwa sababu simu husoma mstari kutoka ukingo hadi ukingo na mara nyingi huchanganya maelezo ya bidhaa moja na uzito wa nyingine. Alama ya tiki nayo huiruka kabisa. Kama ni zawadi, sampuli au bidhaa ya kuuzwa, tazama kwa macho yako mtumaji ameweka alama wapi.

Sasa kwenye maelezo ya bidhaa. Hapa ndipo nilipoona mtu akiumia.

Mama mmoja alitumiwa kifurushi kutoka Uholanzi na ndugu yake. Kwenye safu ya maelezo palikuwa na neno moja la mkono: bollen. Simu ikampa "balbu". Hakuwa na sababu ya kushangaa, kwani ndugu yake alikuwa amewahi kumwahidi taa za nyumba mpya. Forodha walipomtaka aeleze kilichomo, akaandika kwa ujasiri: balbu za taa, za matumizi ya nyumbani. Akaja kwangu baada ya kifurushi kufunguliwa. Ndani mlikuwa na vitunguu vya maua, vile vinavyofukiwa udongoni vikachipua. Ni mmea hai, na havikuwa na cheti cha usafi wa mimea. Vikazuiwa na hatimaye vikateketezwa. Kilichomuumiza zaidi kuliko kupoteza maua ni kwamba karatasi yake sasa ilisomeka kama ya mtu aliyeficha mimea kwa jina la taa. Alilazimika kujieleza mara kadhaa, kwa unyonge, kwa jambo ambalo hakulikusudia hata kidogo.

Chanzo ni hiki. Tafsiri kati ya lugha mbili zisizo na maandishi mengi ya pamoja mara nyingi hupitia Kiingereza katikati. Kwa Kiingereza, kitunguu cha ua na balbu ya taa huitwa kwa neno moja, bulb. Kiholanzi kiliingia kikiwa na maana ya mmea, kikafika katikati kikawa na maana mbili, na Kiswahili kikapokea ile ya taa kwa sababu ndiyo iliyozoeleka. Neno moja lililosimama peke yake, bila sentensi ya kulishikilia, ndilo linalopotea kirahisi zaidi.

Na jibu lilikuwa kwenye fomu yake muda wote. Kulia kwa maelezo palikuwa na tarakimu 060110. Huo ni msimbo wa HS, orodha ya bidhaa inayotumiwa na forodha karibu dunia nzima, na tarakimu sita za mwanzo zina maana ileile kila mahali. Mbili za kwanza ni sura. Sura ya 06 ni mimea hai, vitunguu vya maua na maua yaliyokatwa. Balbu za taa za umeme ziko sura ya 85, chini ya 8539. Ungetazama hizo 06 tu, ungejua kwamba "balbu" si za taa. Kwa hiyo fanya hivi kila mara: tafsiri neno, kisha tafuta msimbo, uone kama vinazungumzia kitu kimoja. Visipokubaliana, usiandike lolote mpaka mtumaji akupe jina kamili la kitu au picha yake. Msimbo nao unaweza kuandikwa vibaya, lakini kutokubaliana kwenyewe ni onyo tosha. Na sanduku la msimbo likiwa tupu, jambo la kawaida kwa zawadi, mwulize mtumaji moja kwa moja.

Tarakimu usizitafsiri, zinakili kwa macho. Kwenye fomu ya Kiholanzi au Kijerumani, mkato ndio nukta ya desimali: 1,250 kg ni kilo moja na robo, wala si kilo elfu na mia mbili hamsini. Vivyo hivyo kwenye thamani.

Maagizo ya kushughulikia mzigo yana hatari yake. Stika ndogo hukata sentensi, neno la kukataza likabaki mwisho wa mstari wa juu na kitendo kikaanguka mstari wa chini. Picha ikikata ukingo, "usiweke kwenye baridi" inakuwa "weka kwenye baridi". Piga stika nzima pamoja na kingo zake. Halafu tazama michoro, ambayo simu haiisomi: glasi ni kitu cha kuvunjika, mwavuli ni kukinga na unyevu, mishale miwili ni upande wa juu, kipimajoto chenye alama ni mipaka ya joto. Maneno yakipingana na mchoro, fuata mchoro kwanza. Ukiona UN3481, ndani mna betri za lithiamu pamoja na kifaa chake, hata kama tafsiri imesema "kichezeo". Kiweke mbali na joto, na usikitume tena bila kumwambia mhudumu wa posta.

Kabla ya kumtumia mtu mwingine picha akusaidie kusoma, ziba jina, anwani na namba ya simu, lakini acha maelezo na msimbo. Usitupe kasha wala kava la plastiki mpaka kila kitu kimekaguliwa. Ukiletewa karatasi ya kusaini yenye maelezo ambayo bado huyaelewi, omba muda. Na kama kitu kilichomo ni dawa, mbegu, chakula au kemikali, usitegemee simu hata kidogo. Mtafute mtu anayeisoma lugha hiyo.