Kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti ya Google bila kupoteza mafaili

Msimu wa korosho ukianza, hapa Masasi napokea wateja wengi wenye shida ya aina moja. Mmoja wao alikuwa mama, karani wa chama cha msingi kule Newala, aliyekuja na simu mpya na laini mpya. "Fundi, picha za stakabadhi zote zimefutika. Nilibadilisha laini tu." Nikamuuliza: "Simu ya zamani iko wapi, mama?" Ilikuwa kwenye mkoba, kioo kimepasuka lakini inawaka. Hapo nikajua kazi itaisha salama.

Mafaili yako hayakai kwenye namba ya simu. Yanakaa ndani ya akaunti, na akaunti inatambulika kwa anwani yake ya barua pepe. Kazi ya namba ni kuthibitisha kwamba anayeingia ni wewe. Ukibadilisha namba kwa utaratibu, hakuna hata picha moja inayoguswa, na wale uliowashirikisha mafaili wataendelea kuyaona. Mafaili hupotea machoni pa mtu kwa njia mbili: ameingia kwenye akaunti nyingine bila kujua, au amefungiwa nje ya ile yake kwa sababu namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini ambayo hanayo tena.

Kwa hiyo anza kwa kujua uko kwenye akaunti ipi. Fungua Drive, gusa picha ya duara iliyo juu kulia, usome anwani yote herufi kwa herufi. Kwa yule mama, simu ya zamani ilionyesha anwani yenye jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Simu mpya ilionyesha jina lilelile, lakini mwishoni kulikuwa na tarakimu nyingine. Aliyemuuzia simu alikuwa amemfungulia akaunti mpya ili simu iwake haraka. Nafasi iliyotumika kule ilikuwa karibu sifuri, wakati ya zamani ilikuwa imejaa zaidi ya nusu ya zile GB 15 za bure. Hakuna kilichofutika. Alikuwa anachungulia kabati la mtu mwingine.

Ukishajua akaunti ndiyo yenyewe, usitoke kwenye simu ya zamani. Ninasisitiza hili kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia: simu ambayo tayari imeingia ndiyo ufunguo wako. Usiifute, usiiuze, usimpe mtoto mpaka kazi iishe. Kwanza ingia Google Photos, gusa ile picha ya duara, uangalie kama pameandikwa `Backup complete`. Ukiona bado kuna picha zinasubiri, unganisha na Wi-Fi au weka bando uziache zipande. Picha ambayo haijapanda iko kwenye simu tu, na akaunti haiwezi kukurudishia.

Sasa fungua `myaccount.google.com` kwenye simu hiyo ya zamani. Namba yako inaweza kuwa imeandikwa sehemu tatu, na watu wengi hubadilisha moja wakadhani wamemaliza. Ya kwanza iko `Personal info`, kwenye `Phone`. Ya pili iko upande wa `Security`, inaitwa `Recovery phone`. Hii ndiyo inayotumika ukisahau nenosiri. Ya tatu iko ndani ya `2-Step Verification`, kama uliwahi kuiwasha. Hii ndiyo inayokuomba namba ya uthibitisho kila ukiingia kwenye simu ngeni. Pita zote tatu. Andika namba mpya ukianza na +255, na ile sifuri ya mwanzo uiache. Utatumiwa ujumbe mfupi wenye tarakimu za kuthibitisha, kwa hiyo laini mpya iwe hewani. Mahali panapokuruhusu kuongeza, ongeza mpya kwanza na ya zamani uiache ibaki.

Hapohapo `Security` kuna `Recovery email`. Angalia ni ya nani. Nimekuta nyingi zina anwani ya shule aliyomaliza mtu zamani, au ya mfanyakazi wa stesheneri aliyemsaidia kufungua. Weka anwani ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifungua leo, kwa sababu namba ya kuthibitisha itatumwa huko.

Kama `2-Step Verification` imewashwa, ingia humo utafute `Backup codes`. Utapewa namba 10 za dharura, kila moja ina tarakimu 8 na inatumika mara moja tu. Zinakuingiza hata kama huna laini yoyote. Mama yule alizinakili nyuma ya daftari lake la mizani. Karatasi inafaa zaidi kuliko kuzipiga picha, maana picha itakaa ndani ya akaunti ileile unayotafuta kuifungua.

Kisha jaribu. Ingia kwenye akaunti hiyo kwa simu mpya, huku ya zamani ikiwa bado wazi pembeni. Namba ya uthibitisho ikija kwenye laini mpya na Drive ikaonyesha mafaili yako, umefaulu. Ndipo unarudi kuondoa namba ya zamani sehemu zote tatu. Hata hivyo usiitupe laini hiyo siku hiyohiyo: kwa muda wa siku 7 Google inaweza bado kukupa nafasi ya kupokea namba za uthibitisho kwenye namba au barua pepe ya zamani. Ulinzi huu umewekwa kwa ajili ya aliyeibiwa akaunti, na wewe pia utakufaa kama kuna ulichokosea.

Kama laini ya zamani imeshapotea na hakuna simu iliyo ndani ya akaunti, piga `*106#` uone kama namba hiyo bado imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ikiwemo, nenda duka la mtandao wako na namba ya NIDA, weka kidole, uombe kurudishiwa laini. Ikiwa haimo, huenda imeshagawiwa kwa mtu mwingine. Hapo imebaki njia ya `accounts.google.com/signin/recovery`. Itumie ukiwa kwenye kifaa ulichozoea kuingilia na mahali unapokaa kila siku, kwa sababu Google inaviangalia hivyo. Jibu maswali kwa utulivu, na nenosiri la mwisho unalolikumbuka liandike hata kama si la sasa. Anayekuahidi kukufungulia kwa malipo huku akikuomba umsomee tarakimu ulizotumiwa anataka kuichukua akaunti yako. Usimsomee.

WhatsApp nayo ina utaratibu wake. Nakala ya mazungumzo imehifadhiwa kwenye akaunti ya Google, lakini huwezi kuirudisha bila namba ileile iliyoitengeneza. Kwa hiyo ukiwa bado kwenye simu ya zamani, ingia `Settings`, kisha `Account`, kisha `Change number`, uandike namba ya zamani na mpya. Ikikubali, ingia `Chats`, kisha `Chat backup`, utengeneze nakala mpya papo hapo, na uhakikishe anwani ya Google iliyoandikwa pale ni ileile uliyoisoma mwanzo kwenye Drive. Ndipo uiweke WhatsApp kwenye simu mpya.