Kabla hujasaini: hiyo Ijumaa imo au haimo?

Kazi yangu ni makaratasi, nasomea watu mikataba na barua za Kiingereza na kuwaandikia majibu, na kitu kinachorudi kila wiki sio maneno makubwa ya kisheria, ni vijineno vya "until", "through" na "by". Sisi kwa Kiswahili tunavimaliza vyote kwa "hadi" au "mpaka" halafu tunaenda zetu, tatizo linakuja siku ya invoisi.

Kuna jamaa mmoja wa duka la vyombo, kontena lake lishatoka bandarini, mzigo kashusha, kilichobaki ni kurudisha kontena tupu dipo. Imeili ya agenti wa meli ilisema siku za bure, yaani za kukaa na kontena bila kulipia, ni "until Friday". Yeye akaelewa Ijumaa ni yake, akapanga lori litoke Ijumaa mchana baada ya sala. Lori likachelewa Changamwe hapa Mombasa, likafika dipo saa kumi na mbili kasoro jioni geti lishafungwa tangu saa kumi na moja, likalala nje, kontena likapokewa Jumamosi asubuhi. Yeye hesabu yake ni siku moja ya faini, dola 40. Invoisi ikaja ya dola 80, manake kwa agenti siku za bure ziliisha Alhamisi usiku, Ijumaa ishaanza kulipiwa.

Nani yuko sawa? Ukweli ni kwamba hilo neno lenyewe halisemi. "Until Friday" inaweza kuwa Ijumaa imo na inaweza kuwa haimo, na hata mahakamani wakiletewa neno kama hilo hawalikati peke yake, wataangalia mkataba mzima unataka nini, na utata ukibaki kuna kanuni ya kuusoma dhidi ya yule aliyeuandika. Lakini nani ataenda mahakamani kwa dola 40. Ni kama mpaka wa shamba tu, ukiambiwa shamba lako ni mpaka mnazi ule, haya, nazi za ule mnazi ni za nani?

Kwa hivyo kabla hujakubali, jambo la kwanza jiulize kinachosemwa ni kitu kinachoendelea au ni kitendo cha mara moja. Kukaa nyumbani, kutumia kontena, ofa ya bei, haya yanaendelea siku baada ya siku mpaka yasimame, na hapo ndipo "until" na "through" zinapokaa. Kulipa, kurudisha, kuhama, kuleta fomu, haya unafanya mara moja na kinachotakiwa ni usipitishe siku, na hiyo ndio "by". Kiswahili chake kizuri ni "kufikia Ijumaa" au "si zaidi ya Ijumaa". Ukiandika kwenye notisi "lipeni hadi Ijumaa" mtu akikuuliza kama atakuwa analipa kila siku usimkasirikie, umeandika hivyo wewe mwenyewe.

Sasa ukishajua ni lipi, uliza Ijumaa yenyewe imo? Kwa "through Friday" imo, hiyo haina mjadala, Wamarekani ndio wanaipenda sana na utaikuta kwenye makaratasi yanayotoka kwao, ni Ijumaa yote mpaka iishe. Waliofuata Kiingereza cha Uingereza wakitaka kusema hivyo huongeza kabisa kwamba siku hiyo ni pamoja. Kiswahili andika "hadi Ijumaa, Ijumaa ikiwemo". Kwa "by Friday" pia Ijumaa imo kwa kawaida, ukileta siku hiyo hujachelewa. Lakini hapa ndio watu wetu wengi wanateleza, wanaitafsiri "kabla ya Ijumaa". Kabla ya Ijumaa ni Alhamisi bwana, ushamnyang'anya mtu siku nzima. Na "until" ndio hiyo nimesema haina mwenyewe, ukiiona usiisaini ikiwa peke yake, andika imeili fupi uliza siku ya mwisho ya bure ni ipi, jibu lake ulihifadhi.

Halafu saa. Siku ya kisheria inaisha saa sita usiku, lakini geti la dipo, kaunta ya benki na ofisi ya mwenye nyumba haviishi saa sita usiku, na kama kitendo chako kinahitaji mtu akupokee basi Ijumaa yako inaisha anapofunga yeye. Kwa hivyo mkataba useme saa. Na useme saa kwa njia isiyochanganya, kwa sababu mkataba ukisema 11:00 ni saa tano asubuhi, nishaona notisi imebandikwa mlangoni "saa 11" na watu wakaja jioni, na wewe ungekuja jioni vilevile. Andika kwa maneno, saa tano asubuhi au saa kumi na moja jioni.

Na hapa kwetu kuna lingine ambalo mtu wa nje halijui kabisa. Ukisema "usiku wa Ijumaa" wazee wa Mji wa Kale wataelewa Alhamisi baada ya magharibi, kwa hesabu yetu ya zamani usiku unatangulia mchana wake. Kijana wa ofisini ataelewa Ijumaa saa tatu usiku. Kama ni notisi ya ukumbi wa harusi, mapambo yatolewe kufikia usiku wa Ijumaa, hapo ni tofauti ya masaa ishirini na nne na ugomvi na mpambaji juu. Andika tarehe, basi.

Kuna watu wanapenda kusema sheria yenyewe inahesabu. Ni kweli Kenya tuna sheria ya tafsiri, Sura ya 2, kifungu cha 57 kinasema siku tukio lilipotokea haihesabiwi, na siku ya mwisho ikiangukia Jumapili au sikukuu, kwa mfano Ijumaa Kuu, inasogea siku ya kazi inayofuata. Lakini hiyo ni ya muda uliowekwa na sheria zilizoandikwa, usiitegemee ikuokoe kwenye mkataba wa watu wawili ambao haukuitaja. Meli nyingine wanahesabu siku ya kushusha kama siku ya kwanza, wengine wanaanza kesho yake, na Jumapili wanaihesabu kama kawaida, iko kwenye masharti yao.

La mwisho ni kitendo kinahesabika lini. "Ulipe kufikia Ijumaa" ni pesa imetoka kwako au imeingia kwake? Ukituma ya benki Ijumaa alasiri inaweza kuingia Jumatatu, wewe una risiti ya Ijumaa na yeye ana akaunti tupu. Mstari mmoja unatosha, "pesa iwe imeingia kwenye akaunti".

Yule jamaa alilipa dola 80, hakuwa na jinsi. Kontena lililofuata tulimwandikia agenti mapema, "Tafadhali thibitisha Ijumaa ni siku ya bure na dipo linapokea mwisho saa ngapi." Akajibu siku hiyohiyo, siku ya mwisho ya bure ni Alhamisi, geti saa kumi na nusu jioni. Lori likatoka Jumatano.