Jinsi ya kuomba malipo ya awali kwa kazi ya kuezeka nyumba, na kupanga awamu zinazofuata

Mwongozo huu ni wa mkandarasi mdogo au fundi mkuu wa Dar es Salaam anayechukua kazi ya kuezeka kwa mkataba wa vifaa na ufundi pamoja. Wengi huandika tu "asilimia 70 kabla ya kuanza", mteja anashtuka, mazungumzo yanakufa. Kiasi cha malipo ya awali hakianzi na asilimia. Kinaanza na swali moja: ni pesa gani lazima itoke mfukoni kabla mteja hajaona kitu kimesimama juu ya boma lake?

Mfano tutakaoufuata ni nyumba ya vyumba vitatu Goba, boma limefika kwenye linta na kozi za juu zimekamilika. Mkataba ni shilingi 18,000,000. Bei zilizomo ni za mfano, weka za siku yako.

Hatua ya 1: Vunja bei ya mkataba

Mbao zenye dawa na misumari ya kenchi 5,400,000. Usafiri wa mbao 350,000. Bati za rangi, kofia na misumari ya bati 7,000,000. Fisha bodi na gata 1,050,000. Ufundi 3,000,000. Usimamizi na faida 1,200,000.

Faida iandikwe wazi. Ukiificha ndani ya bei ya mbao, mteja akipiga simu dukani ataiona, na hapo hata hesabu zako za kweli hataziamini.

Hatua ya 2: Toa bati kwenye malipo ya awali

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Bati za rangi hukatwa kiwandani kwa urefu unaoagiza, na pesa hutangulia. Mkandarasi akiangalia hilo anaona sababu nzuri ya kuomba milioni 7 mapema. Sababu ni ya kweli, ila wakati wake haujafika. Urefu wa bati haupimwi kwenye ramani wala kwenye boma tupu. Unapimwa kenchi zikiwa zimesimama na papi zimepigwa, kwa sababu boma nyingi hazikai pembe mraba. Upande mmoja unaweza kuzidi mwingine kwa sentimita kadhaa, na mafundi wakirekebisha mteremko au wakiongeza kidogo ukingo wa nje, urefu unabadilika tena.

Bati likipungua sentimita 10 halirudi kiwandani. Utaunga kipande, na kiungo hicho ndicho kitakachovuja masika. Likizidi, utalikata kwa grainda, cheche zitaunguza rangi na kutu itaanzia pale. Kwa hiyo pima kila uso wa paa sehemu tatu, mwanzo, katikati na mwisho, kutoka juu kabisa hadi nje ya mstari wa fisha bodi. Chukua kipimo kirefu kuliko vyote, ongeza kama sentimita 5 za kudondoshea maji kwenye gata, ndipo uagize.

Kwa mteja hii ni habari njema, na umwambie hivyo. Ombi la kwanza linashuka kwa milioni 7 nzima, na pesa ya bati itatoka siku ambayo kenchi anaziona kwa macho.

Kilichobaki kwenye malipo ya awali ni mbao na misumari 5,400,000, usafiri 350,000, na posho ya mafundi ya wiki ya kwanza 450,000, ambayo ni sehemu ya ile milioni 3 ya ufundi. Jumla 6,200,000, yaani kama asilimia 34 ya mkataba. Faida haimo. Usiiweke humo hata kama mteja ni mkarimu, maana siku akiuliza pesa yake imekwenda wapi unatakiwa uweze kumwonyesha kila shilingi.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi

Chukua profoma ya duka la mbao yenye jina la mteja na mahali pa ujenzi, idadi kwa kila kipimo (mbili kwa nne, mbili kwa mbili), urefu kwa futi, neno "zimewekewa dawa", na tarehe ya mwisho ya bei hiyo. Profoma iliyoandikwa "mbao za kenchi, jumla" haimsaidii mteja kuhesabu chochote. Kama umesajiliwa CRB, ambatanisha nakala ya cheti.

Hatua ya 4: Panga awamu na makato

Kosa la kawaida ni kuandika malipo ya awali peke yake, halafu awamu tatu chini yake, bila kusema ya awali yanakatwa wapi. Kenchi zikisimama, wewe unadai awamu nzima, mteja anasema ameshalipa. Wote mnasoma karatasi ileile na kila mmoja ana hoja.

Anza kwa kuthamini kila hatua ya kazi bila kuangalia nani amelipa nini. Kenchi na papi zikiwa zimesimama: mbao, usafiri, ufundi 1,600,000 na usimamizi 600,000, jumla 7,950,000. Bati likiwa limeezekwa na kofia zimefungwa: 7,000,000 za vifaa, ufundi 1,000,000, usimamizi 400,000, jumla 8,400,000. Fisha bodi, gata na usafi: 1,050,000, ufundi 400,000, usimamizi 200,000, jumla 1,650,000. Ukijumlisha lazima ipatikane 18,000,000 kamili. Isipopatikana, usitume barua.

Sasa makato. Malipo ya awali yote yalinunua vitu vilivyoishia kwenye hatua ya kenchi, basi yakatwe yote hapohapo: 7,950,000 toa 6,200,000, unadai 1,750,000. Kuanzia hapo hakuna anayemdai mwenzake.

Wapo wanaopenda kukata kidogo kidogo, asilimia 34 ya kila awamu, kwa kuwa wameona mikataba mikubwa inafanya hivyo. Kwenye barabara au ghorofa inaeleweka, kwa sababu malipo ya awali yalikodi mitambo na kujenga kambi vitakavyotumika hadi mwisho. Kwa paa hapana. Kenchi zikisimama, mteja angelazimika kukulipa kama 5,210,000 zaidi, awe ametoa zaidi ya milioni 11.4 kwa kazi ya 7,950,000. Hiyo ni karibu milioni 3.5 ya pesa yake iliyo mikononi mwako bila kitu juu ya boma. Mteja makini atakataa, na ana haki.

Kwa bati, njia ninayoshikilia ni mteja alipe kiwandani moja kwa moja kwa profoma uliyoleta baada ya kupima. Milioni 7 haipiti kwako, na hofu kubwa ya mteja inaondoka. Masharti ni mawili. Mkataba useme vipimo ni jukumu lako, ili bati likija fupi gharama iwe yako. Na bei ikipanda au kushuka kiwandani, tofauti ni ya mteja.

Ratiba nzima basi inakuwa hivi:

Malipo ya awali: 6,200,000
Kenchi na papi zimesimama: 1,750,000
Bati, mteja analipa kiwandani: 7,000,000
Bati limeezekwa: 1,400,000
Fisha bodi, gata na usafi: 750,000
Pesa ya kushikilia: 900,000

Hiyo 900,000 ya mwisho ni asilimia 5 ya mkataba, imetolewa kwenye 1,650,000 ya hatua ya tatu. Mteja anaishikilia hadi paa lipite mvua kubwa moja bila kuvuja au siku 60 zipite, lolote litakalotangulia. Usiache neno "mvua" peke yake. Ukimaliza mwezi Juni, unaweza kuisubiri hiyo mvua hadi vuli.

Kila hatua ielezwe kwa kitu kinachoonekana. "Asilimia 50 ya kazi" haina maana juu ya paa. "Kenchi zote zimesimama, zimefungwa kwenye ukuta, papi zimepigwa pande zote" inaweza kukaguliwa hata na ndugu aliyetumwa na mteja aliye Mwanza, kwa picha nne.

Hatua ya 5: Andika barua

Ukurasa mmoja unatosha:

"Ndugu mteja, kuhusu kuezeka nyumba yako iliyopo Goba, naomba malipo ya awali ya shilingi 6,200,000. Kati ya hizo, 5,400,000 ni mbao na misumari kwa profoma iliyoambatanishwa, 350,000 ni usafiri, na 450,000 ni posho ya mafundi wiki ya kwanza. Kiasi hiki hakina faida yangu, na kitakatwa chote kwenye malipo ya hatua ya kenchi. Mbao zitahesabiwa mbele yako au mwakilishi wako siku zinaposhushwa, na kuanzia hapo ni mali yako, ila ulinzi wake ni juu yangu hadi zipigwe. Bei ya profoma inaisha tarehe iliyoonyeshwa. Malipo yakichelewa nitaleta profoma mpya. Siku za kazi zinaanza kuhesabiwa siku pesa inapoingia kwenye akaunti ya kampuni."

Sentensi ya umiliki na ulinzi isiachwe. Mbao zikiibwa usiku eneo la ujenzi, ndiyo itakayoamua nani analipa. Kama huna mlinzi, leta mbao kwa safari mbili kufuatana na kasi ya mafundi.

Hatua ya 6: Mteja akisita

Akisema "Fundi, mimi nilishaliwa pesa," usibishane wala usipunguze kiasi kwa kubahatisha. Ukishuka hadi milioni 4, mbao hazitatosha, kenchi zitasimama nusu na utarudi kuomba tena, jambo litakalomthibitishia hofu yake. Mpe njia nyingine: yeye alipe duka la mbao mwenyewe, wewe upokee 800,000 tu ya usafiri na posho. Makato yanabaki yaleyale, 6,200,000, kwa sababu amezitoa ingawa si zote zilizopita kwako. Hilo liandikwe.

Dhamana ya malipo ya awali kutoka benki ni ya taasisi na kampuni kubwa. Kwa kazi ya milioni 18, ada na amana ambayo benki inaweza kutaka haviendani na pesa yenyewe. Taasisi ikiidai, weka gharama hiyo kwenye bei tangu mwanzo.

Hatua ya 7: Risiti na kodi

Pesa ikiingia, toa risiti ya EFD siku hiyohiyo kwa malipo ya awali. Usisubiri kazi iishe. Kama umesajiliwa VAT, kodi hiyo inadaiwa kwenye malipo haya pia. Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, ombi liwe 7,316,000, yaani 6,200,000 na VAT 1,116,000. Ukiisahau utaitoa kwenye pesa ya mbao. Ongeza VAT vivyo hivyo kwenye kila awamu unayodai wewe. Kwa bati ambalo mteja amelipa kiwandani, risiti inatoka kiwandani kwa jina lake, na milioni 7 hiyo isirudiwe kwenye ankara yako.