Sanduku Likivunjwa Ndegeni: Mambo ya Kuzingatia Kabla Siku Saba Hazijaisha

Kabla ya kukabidhi sanduku kaunta, lipige picha pande zote, pamoja na magurudumu na mpini. Kipande cha lebo ya mzigo na pasi ya kupandia ndege vitunze hata baada ya kufika nyumbani. Risiti ya kununulia sanduku itafute mapema.

Sanduku likitoka kwenye mkanda, likague hapohapo. Ukiona ufa au gurudumu limeng'oka, nenda kwenye dawati la mizigo la shirika la ndege lililokufikisha ujaziwe fomu ya taarifa ya mzigo wenye matatizo, iitwayo PIR, na usiondoke mpaka kila kilichovunjika kimetajwa kwa jina, kwa sababu neno "limeharibika" peke yake halitakusaidia baadaye. Ukipokea mzigo bila kulalamika, sheria huuchukulia kuwa umefika salama, na jukumu la kuthibitisha vinginevyo linabaki kwako.

Sasa lililonigharimu. Nilitua Dar es Salaam Jumamosi nikitoka Dubai, sanduku langu la plastiki ngumu likiwa limepasuka kwenye kona na gurudumu moja limeng'oka pamoja na kitako chake. Fomu nilijaza, nikapewa namba, nikaamini kazi imekwisha. Kilichobaki, nilidhani, ni kupeleka makadirio ya fundi. Fundi wa mabegi wa Kariakoo aliniambia nisubiri, kwa kuwa alitaka kwanza kupata gurudumu linalolingana. Jumanne na Jumatano zikawa sikukuu ya Idi, na makadirio ya shilingi 85,000 nikayapata Jumatatu iliyofuata. Barua niliituma siku hiyohiyo, nikiwa na hakika kwamba sijachelewa, kwani kwa hesabu yangu zilikuwa zimepita siku nne tu za kazi. Jibu lilikuwa la mistari mitatu: malalamiko yamepokelewa siku ya tisa, muda ni siku saba, madai yamekataliwa. Nilipowakumbusha kuhusu fomu, walinionyesha maandishi madogo chini yake, yanayosema kwamba fomu hiyo ni taarifa tu, wala si madai.

Walikuwa na msingi wa kusema hivyo. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za kimataifa na ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unataka malalamiko ya mzigo ulioharibika yafanywe kwa maandishi mara tu uharibifu unapogunduliwa, na kwa vyovyote ndani ya siku saba tangu kuupokea. Siku hizo ni za kalenda: Jumapili imo, na Idi imo. Ukizipitisha, huwezi hata kushtaki, isipokuwa kama shirika limefanya udanganyifu. Ile miaka miwili ambayo watu huitaja ni muda wa kufungua kesi, na haimfai aliyekwisha kupoteza zile siku saba. Jambo jema ni kwamba mkataba unahesabu siku ya kutuma, kwa hiyo barua pepe iliyotoka siku ya saba inatosha, mradi uwe na ushahidi wa tarehe.

Kwa sababu hiyo, usiisubirishe barua kwa ajili ya fundi. Mdogo wangu alipovunjiwa sanduku mwaka uliofuata, alilipokea Jumapili na barua ikatoka Jumatano, ikiwa na namba ya fomu, namba ya lebo, tarehe ya safari, picha za kabla na baada, na sentensi hii: "Ninalalamikia uharibifu huu na kudai fidia ya gharama ya matengenezo, makadirio ya fundi yameambatishwa, na ninahifadhi haki ya kuyarekebisha." Kama angekuwa bado hajayapata, angeandika kwamba yatafuata.

Makadirio yenyewe yawe kwenye karatasi yenye jina la duka, tarehe, saini na muhuri. Mwombe fundi aeleze kilichovunjika na namna kilivyovunjika, kwa mfano kwamba kona imepasuka kwa kugongwa kwa nguvu, kwa maana shirika hukimbilia kusema kwamba ni uchakavu wa kawaida. Kama sanduku halitengenezeki, aandike hivyo waziwazi, nawe udai thamani yake ukizingatia umri wake. Kikomo cha fidia ya mizigo, tangu mwishoni mwa Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria; SDR ni kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Sanduku moja tupu ni nadra kukifikia.

Usilitengeneze wala kulitupa sanduku kabla hawajajibu, maana wanaweza kutaka kulikagua. Wakikupigia simu, waombe waandike. Ukiletewa karatasi ya malipo ya kusaini, soma kama inasema kwamba umeridhika na huna dai jingine, kwa sababu mara nyingi sentensi hiyo huwa mwishoni kabisa, juu ya mstari wa saini.