Mambo ya kuzingatia kabla ya kuufungua mgongo wa juu ili mkono ufike juu

Fundi mmoja wa cherehani pale Mwanga, Kigoma, alinijia na malalamiko ya bega. Vitenge vyake amevipanga kwenye rafu hadi karibu na dari, na alikuwa ameanza kupanda kigoda ili kuvifikia vile ambavyo zamani alivichomoa akiwa amesimama. Kwa wiki tatu alikuwa akijining'iniza kwenye fremu ya mlango kila asubuhi, akiamini bega limekaza. Maumivu yalizidi, na mkono haukupanda hata kidogo. Nilipomtazama kwa ubavu nikaona kilichompita: amesimama, lakini mgongo wake wa juu bado uko kwenye cherehani.

Kwa hiyo kabla ya zoezi lolote, jua kwanza kama kweli mgongo ndio unaouzuia mkono wako. Kaa kwenye kigoda, jikunje kama mtu aliyechoka, kidevu mbele, kisha nyanyua mkono mpaka uishie. Ushushe. Sasa kaa wima kadiri unavyoweza, unyanyue tena. Ukipanda zaidi mara ya pili, mgongo una sehemu yake katika tatizo. Kwa fundi huyu tofauti ilikuwa kiganja kizima, naye akanitazama akisema, "Kumbe si bega peke yake, mwanangu."

Sababu yake ni hii. Kombe la bega halikushikwa na mgongo kwa kiungo cha mfupa. Linateleza juu ya mbavu. Mkono unapopanda hadi juu, yaani karibu nyuzi 180, takriban thuluthi mbili ya safari inafanywa na kiungo cha bega na thuluthi moja na kombe, ambalo hujizungusha na kuegemea nyuma. Mbavu zikiwa zimeviringika kwa sababu ya mgongo uliojikunja, kombe linakaa limeinamia mbele na haliwezi kuegemea nyuma inavyotakiwa. Zaidi ya hapo, katika nyuzi za mwisho pingili za mgongo wa kifuani zenyewe hutakiwa kujinyoosha kidogo. Pingili hizo ni 12, zote zimeshikana na mbavu, ndiyo maana hukaza kwa urahisi na kulegea kwa subira.

Ukishaona mgongo unahusika, lipime na bega lenyewe usije ukalisahau. Lala chali, magoti yamekunjwa, uupeleke mkono unaokusumbua juu ya kichwa ukiusaidia kwa mkono mwingine. Ukifika vizuri kwa msaada lakini peke yake haupandi, huenda misuli au kano za bega ni dhaifu au zimechanika. Usipofika hata kwa msaada, weka kiwiko ubavuni, ukikunje, kisha ufungue kiganja kuelekea nje. Kikikwama mapema kuliko upande wa pili, fikiria bega lililoganda, ambalo huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60 na hasa wenye kisukari. Kufungua mgongo hakuponyi hayo mawili, yanahitaji kupimwa.

Hapa naomba usikimbie. Zoezi lenyewe ni kulalia taulo lililoviringwa, na kuna migongo isiyotakiwa kulazwa juu yake kabla ya daktari kuiona. Mgongo uliochomoza sehemu moja kama nundu yenye ncha, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, na huko kwetu hilo si jambo la kufikirika tu. Bibi aliyepungua kimo sentimita 4 au zaidi tangu ujanani, au mtu aliyetumia prednisoloni kwa miezi mingi, anaweza kuwa na pingili iliyopondeka bila kuanguka. Kijana ambaye mgongo wake unakaza zaidi asubuhi, zaidi ya nusu saa, na hulegea akitembea, aende akachunguzwe kuvimba kwa viungo vya mgongo. Miguu ikiwa dhaifu au yenye ganzi, usisubiri kesho.

Ukiwa huna dalili hizo, pima, kwa sababu bila namba utajidanganya. Simama mgongo ukiegemea ukuta, visigino sentimita 15 mbele yake, magoti yamelegea kidogo. Ingiza kiganja kati ya kiuno na ukuta ujue nafasi iliyopo, kisha nyanyua mikono yote, viwiko vikiwa vimenyooka, huku nafasi ile ya kiunoni ikibaki ileile. Mwingine apime kutoka kifundo cha mkono hadi ukutani. Fundi alikuwa na tepu yake shingoni, tukapata sentimita 21 kulia na 17 kushoto.

Nafasi ya kiunoni ndiyo inayoamua ukweli wa kipimo. Mgongo wa juu ukigoma, kiuno hujikunja kwa nyuma na mbavu za chini huchomoza, mkono ukaonekana umepanda kumbe mwili mzima umelala nyuma. Aliyenifundisha kazi hii alikuwa akiweka vidole viwili chini ya mbavu za mgonjwa. Zikiinuka kabla ya mkono kufika, anaanza upya. Nami nafanya hivyo hadi leo.

Vifaa ni mkeka na taulo lililoviringwa hadi unene wa sentimita 8 hivi, lifungwe kwa kamba lisilegee. Wengi huchukua kitu kinene na kigumu wakidhani kinafanya kazi haraka, kisha wanaamka na shingo inayouma kwa sababu kichwa kilining'inia. Andaa na mto mwembamba wa kichwa. Taulo lilale kwa upana, chini ya makombe ya mabega, kwenye usawa wa ncha zake za chini. Lisiwe kiunoni wala shingoni.

Lala juu yake, magoti yamekunjwa, mikono ikishikilia kisogo. Toa pumzi taratibu hadi mbavu zishuke, ndipo uuache mgongo wa juu ulegee juu ya taulo. Pumzi 6, kisha lisogeze juu vidole viwili, urudie. Sehemu tatu zinatosha, dakika 5 kwa siku. Kuhisi kuvutika na uzito ni kawaida. Maumivu makali ya kuchoma, au ganzi mikononi, ni ishara ya kuacha.

Papo hapo simama upime tena. Zikipungua sentimita chache siku ileile, umelenga mahali penyewe, ingawa kesho yake utakuta sehemu kubwa imerudi. Ili ibaki, mkono unatakiwa kuitumia nafasi mpya: kabili ukuta, weka kanga kati ya viganja na ukuta, uiteleze juu mara 10 ukitoa pumzi. Kwa fundi tuliongeza jambo moja, kila anapobadilisha bobini anyooke, anyanyue mikono mara tatu kabla ya kuanza mshono mwingine. Hilo aliona kero kuliko taulo, na kwa mtu anayekaa saa nane kwenye cherehani nadhani lilimsaidia zaidi.

Baada ya wiki sita alisoma 12 kulia na 10 kushoto, akavifikia vitenge vya rafu ya pili kutoka juu bila kigoda. Rafu ya juu kabisa bado. Ana miaka 58, na sehemu ya mkunjo wake imeshakaa kwenye umbo la pingili zenyewe, ambalo taulo haliwezi kulibadilisha. Tuliishusha rafu ile kwa sentimita 20.