Urekodi, uchore au ununue?
Una skripti ya video ya dakika 1 ya kuwahimiza abiria wa boti za Mokowe na Lamu wavae jaketi la kuokoa maisha? Pitia sentensi moja moja ujiulize: kamera iliyoko gatini yaweza kuliona jambo hili? Kufunga mikanda, ndiyo. Rekodi asubuhi moja na nahodha wanayemjua, maana yeye ndiye wanayemsikiliza. Jinsi jaketi linavyoinua kidevu juu ya maji, hapo tumia katuni, sekunde 10 tu: kwa kawaida katuni hulipiwa kwa urefu wa muda wake, na ukibadilisha maneno baadaye unachora upya. Video za kununua mtandaoni ziishie kwenye mawimbi na mawingu. Boti ya ng'ambo mtu wa Lamu huitambua mara moja, na ataona hayamhusu.